Ubao wa bei kibandani: chaki, fleksi au rangi ya mafuta?

MamaLishe_Nkuhungu
Wadau, habari za leo. Nina kibanda cha chakula hapa Nkuhungu, Dodoma. Bei nimeandika kwa chaki, lakini mtu anasimama mbele ya ubao na bado anauliza, "Wali bei gani?" Wiki iliyopita mteja alikula wali nyama wa 3,500 akanipa 2,000. Nilipomwambia imepungua, akanionyesha ubaoni: jicho lake lilikuwa limeshukia mstari wa ugali mlenda. Sikuweza kumlaumu, maana majina yako kushoto kabisa, bei kulia kabisa, na mistari imepinda. Nataka ubao mpya. Nina vyakula vinane, vingi vina bei ya nusu na ya kamili. Nichukue kipi?

Kijana_wa_Fleksi
Fleksi, dada. Inatoka safi, unaweka na picha ya sahani. Herufi nyekundu juu ya nyeusi, bei zote katikati ya safu yake. Inavutia hadi ng'ambo ya barabara.

FundiRangi_Dom
Kwa usafi wa herufi nakubaliana nawe, fleksi inashinda. Ila nyekundu juu ya nyeusi kwa mbali inazama, na kwa jua letu hili nyekundu ndiyo inayotangulia kupauka. Na bei mchele ukipanda utabandika karatasi juu ya fleksi? Nimeziona nyingi, upepo unang'oa karatasi na bei ya zamani inarudi.

Halafu bei usiziweke katikati. Kama zote zina tarakimu nne hutaona shida, lakini 500 ikikaa chini ya 3,500 inaelea. Zifunge kulia, sifuri ya mwisho chini ya sifuri ya mwisho. Mimi napiga mstari wa penseli kulia kwa safu, naanza na sifuri ya mwisho na kurudi kushoto. Ukianza na 3 utajikuta umevuka mstari. Na "/=" iache, kwa mbali inasomeka kama tarakimu nyingine. Andika "SH" mara moja juu ya safu.

Dada, chukua robo ya plaiwudi, sentimita 122 kwa 61, uilaze. Juu toa 9 za kichwa, zinabaki 52, zinatosha mistari sita ya 8.5: herufi 5.5, nafasi 3. Herufi ya kimo hicho inakula kama sentimita 4 kwa upana, kwa hiyo WALI MAHARAGE ni 52. Acha 8, safu ya nusu 18, acha 8, safu ya kamili 18. Jumla 104, zinabaki 9 kila pembeni. Ukiusimamisha ubao huohuo, jina peke yake linamaliza upana.

MamaLishe_Nkuhungu
Kaka, mistari sita na mimi nina vyakula vinane?

FundiRangi_Dom
Chapati na andazi havina nusu. Vitoe, viwekee kibao kidogo pale kwenye kabati la vitafunio. Ukivilazimisha humo herufi zitashuka hadi 4, na anayepanga foleni nyuma hataona.

Dereva_Kibaigwa
Mimi napita na lori na sijawahi kusoma bei nikiwa kwenye usukani. Wekeni lipa namba kubwa, ndiyo ninayoitafuta kila nikisimama.

FundiRangi_Dom
Lipa namba ikae pale anapolipia, mkuu. Ikiingia kwenye ubao wa bei ni tarakimu nyingine zinazogombana na bei. Ila kuhusu lori uko sahihi: herufi za 5.5 zinasomeka vizuri kwa mita sita au saba tu. Wa barabarani mwandikie CHAKULA pekee, kwenye bango lake.

Bibi_wa_Majengo
Mwanangu, chaki usiitupe. Mimi majina nimeandikisha kwa rangi ya mafuta nyeupe, sehemu ya bei nikapaka rangi ya ubao wa shule. Bei nafuta kwa kitambaa kibichi, ikikauka naandika upya. Chini ya kila mstari kuna uzi mwembamba wa rangi kutoka jina hadi bei, mtu hapotei. Moja naiandika fimbo tupu, bila mkia, kwa sababu yenye mkia watu waliisoma saba.

Kijana_wa_Fleksi
Vumbi la mwezi wa nane litafuta hiyo chaki kabla ya saa sita, bibi.

Bibi_wa_Majengo
Kinachofuta ni mikono ya wateja. Uninginize juu ya mabega yao.

FundiRangi_Dom
Wazo la bibi nalikubali, ingawa bado naona bei zikiwa za rangi zinasomeka vizuri zaidi. Inategemea dada anabadilisha bei mara ngapi.

MamaLishe_Nkuhungu
Mwaka huu nimebadilisha mara tatu, basi bei zibaki za chaki. Jana nimeandika WALI MAHARAGE kwenye boksi kwa kimo hicho, nikalitundika na kurudi nyuma hatua nane: nimesoma bila kukaza macho. Safu ya nusu ndiyo bado inanitatiza, maana kwa samaki sina nusu. Pale niweke kistari au niache wazi?