Ng'ombe wawili, Kibosho: tuendelee na mtungi wa gesi au tujenge mtambo wa biogesi?

Kihamba_Juu
Habari zenu wana jukwaa. Tunaishi Kibosho, na tuna ng'ombe wawili wa maziwa wanaofungwa bandani. Tunapikia mtungi wa gesi wa kilo 15 ambao tunaununua kwa shilingi 58,000 pamoja na usafiri wa bodaboda. Fundi mmoja amekuja nyumbani na kutushauri tujenge mtambo wa biogesi wa mita za ujazo 9 kwa shilingi milioni 2.6, akisema kwamba tutaagana na mtungi moja kwa moja. Mume wangu anataka tuanze mwezi ujao, lakini mimi nina wasiwasi. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kipi kina unafuu?

MamaMtori
Dada, jenga. Mimi sijanunua mtungi tangu 2016. Ng'ombe wawili wanatosha kupikia, kuchemsha maji ya kuoga na hata kuwasha taa. Usisikilize watu wa mtungi.

TofaliNaNondo
Dada Kihamba_Juu, kabla hatujakushauri tunahitaji kujua mambo uliyoyaacha. Mtungi mmoja unakaa siku ngapi? Nyumbani mko wangapi? Maji mnayapata wapi, na je, yanapatikana kila siku? Hao ng'ombe wawili wote ni wakubwa? Nauliza hivyo kwa sababu nimejenga makuba mengi, yaani mitambo ya biogesi ya tofali inayofukiwa ardhini, kwa mtindo wa kituo cha teknolojia vijijini cha CAMARTEC, hapa Kilimanjaro na kule Arusha, na nimeona kwamba ukubwa wa kuba hauongezi gesi. Gesi inatokana na kinyesi unachokiingiza kila asubuhi. Mtu mwenye ng'ombe wawili anayejengewa mtambo wa mita 9 analipia saruji na tofali ambazo hazitampikia hata chai.

Sakina_Mjini
Mimi niko Arusha mjini, nimepanga chumba na sebule, na kwangu mtungi wa kilo 6 unatosha kabisa kwa mtu mmoja. Nawashauri mchukue huo mdogo, ni rahisi kuubeba.

MamaMtori
Sakina, mwenzetu ana ng'ombe na familia, hajauliza habari za chumba cha kupanga.

Kihamba_Juu
Asante kaka Tofali, samahani kwa kutoeleza vizuri. Tuko 6, pamoja na mama mkwe. Mtungi unakaa takribani wiki tano. Maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki, na siku nyingine tunachota kwenye mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka mlimani, ambao Januari na Februari hupungua sana. Ng'ombe mmoja anakamuliwa, mwingine ni mtamba ambaye bado hajapandwa.

TofaliNaNondo
Hapo ndipo penye jibu, dada. Mtamba ni ng'ombe, lakini kwenye mtambo hahesabiki kama ng'ombe mzima. Naomba ufanye jambo moja dogo: kwa muda wa siku saba, kinyesi chote mnachokizoa bandani kikiwa kibichi, bila majani wala mchanga, kipimeni kwa debe la lita 20, ambalo likijaa lina uzito wa karibu kilo 20. Kisha uturudishie wastani wa siku moja.

MzeeWaMfongo
Kuhusu maji, wanangu msisumbuke. Mkojo wa ng'ombe unatosha. Mimi nilimwambia fundi wangu anitengenezee mfereji kutoka bandani uingie moja kwa moja kwenye chemba ya kuchanganyia, na sijawahi kuchota ndoo hata moja.

TofaliNaNondo
Shikamoo mzee. Kwa sehemu uko sahihi, kwa kuwa mkojo unapunguza maji ya kuchota, na nami huwa natengeneza mfereji wa namna hiyo. Lakini mkojo peke yake ukizidi, wale vijidudu wanaotengeneza gesi hulemewa na ukali wake, na gesi hupungua. Bila shaka kwako maji ya kuoshea sakafu ya banda nayo hufuata mfereji uleule, ndiyo maana mtambo unaendelea vizuri. Kipimo tunachokitumia ni debe moja la kinyesi kwa debe moja la maji, na mkojo unaweza kushika nafasi ya sehemu ya maji hayo.

MzeeWaMfongo
Marahaba. Inawezekana, maana kijana huosha banda kila asubuhi. Sikuwahi kuyahesabu hayo maji.

Kihamba_Juu
Nimerudi baada ya siku saba. Wastani ni debe moja na nusu kwa siku kwa ng'ombe wote wawili. Siku moja ilikuwa pungufu kwa sababu majani yaliadimika.

TofaliNaNondo
Basi tupige hesabu. Debe moja na nusu ni kilo 30. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa gesi ya lita 35 hadi 40 mtambo ukiwa na afya, kwa hiyo mtarajie takribani lita 1,100 kwa siku, ambazo kwa mfano wa mtungi zinakaribia nusu kilo. Nanyi mnatumia kilo 15 kwa siku 35, yaani kilo 0.43 kwa siku. Kwa hesabu ya karatasi, mtambo unaufikia mtungi, ingawa kwa kuponea chupuchupu. Ila Kibosho si Moshi mjini. Mwezi wa Julai udongo unapoa, na gesi hupungua mkiwa mnaihitaji zaidi.

Kuhusu ukubwa, kilo 30 za kinyesi pamoja na lita 30 za maji ni lita 60 kwa siku. Kwenye baridi yenu ningependa tope likae ndani siku 60, nazo ni lita 3,600. Mtambo wa mita 6 unabeba tope hilo na kubakiwa na nafasi ya gesi. Hiyo mita 9 mwulizeni huyo fundi ameipata kwa hesabu gani.

MamaMtori
Tofali, unamtisha mwenzio bure. Mimi niko Machame, kuna baridi vilevile, na ninapika.

TofaliNaNondo
Una ng'ombe wangapi, mama?

MamaMtori
Sasa hivi wanne na ndama.

NgomeYaKuku
Naomba nisimulie yaliyonikuta. Nilijenga kuba Old Moshi, nikapika vizuri miezi minane, kisha gesi ikaanza kupungua. Moto uliokuwa wa bluu ukawa unachechemea, na kufikia Januari chai ya asubuhi ilikuwa haichemki. Nililaumu ng'ombe, nikabadilisha pumba, nikagombana na kijana nikidhani hajazi chemba. Nilimwita fundi mmoja akabadilisha bomba lote la kwenda jikoni na kulipwa fedha zake, lakini hali ikabaki ileile. Miezi mitatu baadaye akaja mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi hizi, akafunga valvu kubwa iliyo juu ya kuba jioni, akaweka alama ya mkaa kwenye ukuta wa chemba ya kutokea tope, pale tope lilipofikia, akaondoka. Asubuhi tope lilikuwa palepale. Akasema kwamba kama gesi ingekuwa inakaa ndani, ingelisukuma tope lipande kwenye chemba hiyo usiku kucha. Kwa kuwa valvu ilifungwa na tope halikupanda, bomba halihusiki, hivyo ama gesi haitengenezwi, ama inatoka kwenye kuba lenyewe. Kisha akamwaga maji juu ya mfuniko wa shingo ya kuba, na mapovu yakaanza kutoka kama sufuria inayochemka. Kumbe ule udongo wa mfinyanzi unaoziba mfuniko unatakiwa ufunikwe na maji wakati wote. Kiangazi kile maji yalikauka, udongo ukapasuka, na hakuna aliyenieleza kwamba kazi hiyo ni yangu. Ndoo mbili za maji na kukanda upya ule udongo vilimaliza tatizo lililonila miezi mitatu na bomba jipya.

TofaliNaNondo
Mzee huyo anajua kazi. Ningeongeza tu kwamba kama tope lingepanda valvu ikiwa imefungwa, halafu likashuka mkiifungua huku majiko yamezimwa, basi mvujo ungekuwa kwenye bomba, na hapo povu la sabuni kwenye maungio lingewaonyesha. Na moto unaochechemea mara nyingi ni maji yaliyotuama ndani ya bomba, kwa hiyo fungueni kwanza mtego wa maji kabla ya kumwita fundi.

Sakina_Mjini
Swali. Jiko langu la plati mbili la mtungi linaweza kutumia biogesi?

MzeeWaMfongo
Linaweza, unatoboa tu kile kitundu cha gesi kiwe kikubwa.

TofaliNaNondo
Ni kweli kitundu lazima kiwe kikubwa, kwa kuwa biogesi haina nguvu ya gesi ya mtungi na presha yake ni ndogo. Lakini kutoboa kwa kukisia huleta moto wa njano unaotia masizi au unaoruka na kuzimika. Tena usije ukalirudisha jiko hilo kwenye mtungi, litawaka moto mkubwa kupita kiasi. Ni afadhali kununua jiko la biogesi lenyewe.

Kihamba_Juu
Kuna jambo sikulisema. Maharage, makande na maji ya kuoga tunapikia kuni kwenye jiko la nje, kwa sababu mtungi ungeisha upesi.

TofaliNaNondo
Dada, hilo linabadilisha hesabu yote. Plati moja ya biogesi hula takribani lita 350 kwa saa, hivyo gesi yenu ya siku ni saa tatu za plati moja. Sufuria la maharage la saa mbili litakula lita 700. Ukiyaleta makande ndani, jioni utatafuta mtungi.

NgomeYaKuku
Ndiyo maana mimi nimebaki na mtungi wa kilo 6 wa akiba. Maharage nayaloweka usiku kucha, nayapika kwa biogesi mchana, na chai ya alfajiri inatoka kwenye mtungi ikibidi.

MamaMtori
Mbona hamzungumzii mbolea? Tope linalotoka ni zuri kwa migomba kuliko samadi iliyokauka juani.

MzeeWaMfongo
Kwa migomba sawa. Kwa kahawa mimi bado naamini samadi ya zamani iliyochanganywa na majani. Tope ni maji matupu, nani atabeba ndoo hadi chini ya kihamba?

MamaMtori
Mzee, si unachimba mfereji kama wa mfongo, linatiririka lenyewe?

MzeeWaMfongo
Kihamba changu kiko juu ya banda, mwanangu. Tope halipandi mlima.

Kihamba_Juu
Mama mkwe naye anasema hayohayo kuhusu kahawa, na anauliza kinyesi chote kikiingia shimoni, yeye atabaki na nini mwaka huu.

TofaliNaNondo
Mwaka wa kwanza hoja yake ina uzito, kwa sababu kuujaza mtambo wa mita 6 mara ya kwanza kunahitaji karibu madebe 90 ya kinyesi, ambayo ng'ombe wenu watayatoa kwa siku 60. Wengi huazima kwa majirani. Baada ya hapo, kila debe la mchanganyiko mnaloingiza linasukuma takribani debe moja la tope nje, kwa hiyo shamba halinyimwi.

Kihamba_Juu
Kwa mwaka tunanunua mitungi kama 10, yaani shilingi laki sita hivi. Nimemweleza mume wangu hesabu ya mita 6, naye amempigia fundi, ambaye amesema hajengi chini ya mita 9 kwa kuwa "ng'ombe wataongezeka". Majani yenyewe ya hawa wawili tunayanunua. Mama mkwe anataka tusubiri mtamba azae kwanza. Kaka Tofali, shimo likichimbwa sasa na ujenzi ukasubiri hadi baada ya mvua za masika, kuta zake hazitabomoka?

TofaliNaNondo
Usichimbe kabla ya masika, dada. Udongo wenu unashika maji sana, na nimewahi kuona shimo likigeuka kisima.

MamaMtori
Mimi bado nasema jenga.