Jengo la ofisi Dar: VRF, chila ndogo au kebo za alumini ili kupunguza gharama?

Mhandisi_Tabata
Wakuu, habari za kazi. Tuna jengo la ofisi la ghorofa saba, Dar es Salaam, eneo lenye viyoyozi ni mita za mraba 4,800. Kazi za umeme na mitambo zimefika shilingi bilioni 3.6, na mteja anataka tumpunguzie milioni 500 bila wapangaji kuja kulalamika. Tuna wiki mbili za kupeleka pendekezo.

Nina njia tatu. Ya kwanza, kuondoa chila mbili na mabomba yake, kila ghorofa iwe na VRF. Ya pili, kubaki na chila lakini kurudia hesabu ya mzigo, kwa sababu usanifu umeweka wati 200 za ubaridi kwa kila mita ya mraba na transfoma ya kVA 1,000, na mimi naona vimezidi. Ya tatu, kebo kuu zinazopanda ghorofani zitoke kwenye shaba ziwe alumini.

Mteja ana jengo jingine la mita 4,000 hapa hapa mjini. Nimeomba bili zake za TANESCO za miaka miwili. kVA ya juu kabisa ni 230, mwezi Februari. Hiyo ni kama VA 58 kwa mita, kwa hiyo jengo jipya lingehitaji karibu kVA 280. Nafikiria transfoma ya 500. Nyie mnaonaje?

Baridi_Pwani
Mkuu, mimi ningeenda na VRF bila kufikiri mara mbili. Unafuta pampu, mabomba makubwa na chumba cha mitambo. Kila mpangaji anakuwa na mita yake, na ghorofa ikiwa tupu unaizima. Nimefunga nyingi na zinafanya kazi.

Fundi_Maji_Dodoma
Samahani kuingilia, na mimi nina lodge ya vyumba 14. Pampu ya kisima inakata saketi breka kila ikiwaka kwa genereta ya kVA 20. Je, nikibadilisha kebo ziwe alumini nitaokoa?

Mama_Mitambo
Ndugu wa Dodoma, tatizo lako si kebo. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya mkondo wake wa kawaida kwa sekunde chache. Muulize fundi wako kuhusu kiwashio laini kabla hujanunua chochote, na ufungue mada yako tukusaidie vizuri.

Baridi_Pwani, kuhusu mabomba, pampu na mita za wapangaji uko sahihi. Ila hujagusa hewa safi ya nje. Watu 480, kila mmoja lita 10 kwa sekunde, ni lita 4,800 za hewa ya Dar yenye joto na unyevu. Kuipoza na kuikausha ifikie hali ya ofisini kunahitaji karibu kilowati 200. Kipoza cha dari cha VRF hakijatengenezwa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo lazima uongeze mashine ya hewa safi. Wengi wanaoonyesha akiba kubwa ya VRF wameifuta mashine hiyo kimyakimya kwenye makadirio. Miezi michache baadaye dari zina ukungu na makapeti yananuka. Bei yako ya VRF ina mashine hiyo?

Baridi_Pwani
Kusema kweli, kwenye kazi mbili za mwisho haikuwemo. Mteja alisema watu watafungua madirisha.

Mama_Mitambo
Wakifungua madirisha Machi, unyevu wote unaingia ndani na maji yanadondoka kwenye vipoza. Rudisha mashine ya hewa safi kwenye bei, kisha linganisha upya.

Mhandisi, nina swali kwako. Lile jengo la zamani lilikuwa limejaa wapangaji Februari ile?

Mhandisi_Tabata
Nimempigia msimamizi wa jengo. Ghorofa mbili kati ya sita zilikuwa tupu kwa muda wote wa bili hizo. Sikuwa nimeuliza.

Mama_Mitambo
Basi kVA 230 zilitoka kwenye mita kama 2,670, na hiyo ni VA 86 kwa mita. Jengo lako linakuwa karibu kVA 414, na ukiongeza asilimia 20 unafika 497. Transfoma ya 500 itajaa siku ya kwanza. Tena viwango vya IEC vinachukulia wastani wa joto la mwaka nyuzi 20, na Dar tuko juu ya hapo, kwa hiyo haitabeba hizo 500 kwa miaka mingi bila kuchoka mapema. Nenda na 630. Bado umeshuka kutoka 1,000, na ukipitia upya mzigo wa dharura genereta nayo itashuka. Genereta kubwa inayotembea chini ya theluthi ya uwezo wake hujaa masizi, kwa hiyo hapo mteja anapata nafuu mara mbili.

Wati 200 za ubaridi zilitoka wapi?

Mhandisi_Tabata
Msanifu wa mitambo alihesabu kwa kioo cha kawaida. Msanifu majengo alishabadilisha kioo kuwa cha kuzuia joto, lakini hesabu ya ubaridi haikurudiwa. Nimeirudia chumba kwa chumba, hewa safi ikiwemo, napata 150. Yaani kilowati 720 badala ya 960.

Mama_Mitambo
Hapo ndipo pesa ilipo, na hujagusa ubora hata kidogo. Ongeza jambo moja. Usanifu unapeleka maji kwa nyuzi 7 na kurudi 12. Ukipeleka kwa 6 yakarudi 14, kwa zile kilowati 720 mtiririko unashuka kutoka lita 34 hadi lita 21 na nusu kwa sekunde. Bomba kuu la milimita 150 linakuwa 125, na pampu zinapungua.

Masharti ni mawili. Vipoza vyote vichaguliwe upya kwa nyuzi hizo, na mwuzaji akupe kwa maandishi kiasi cha unyevu vitakachotoa. Na vali ziwe za njia mbili. Ukiacha za njia tatu, maji baridi yatapita pembeni yarudi kwenye chila na nyuzi 9, na akiba yote itakuwa ya kwenye karatasi. Utaliona kwenye kipimajoto cha bomba la kurudi wiki ya kwanza. Chila nayo italipa asilimia mbili tatu za umeme kwa ile nyuzi moja ya chini. Waandikie wazi, msiifiche.

Kebo_Mbagala
Kwa alumini, badala ya shaba ya milimita 240 utahitaji 400 au karibu na hapo. Hata hivyo ni nyepesi na bei inashuka sana. Shida ni maungio. Mita chache kutoka baharini, alumini ikigusa shaba bila viungio vya metali mbili, inaliwa. Na pima nafasi ya kukunja kebo ya 400 kwenye makabati yaliyokwisha kuagizwa.

Mama_Mitambo
Mimi kwenye chumvi bado naogopa, hata na viungio sahihi. Mafundi wanaokaza kwa kipimo cha nguvu ni wachache.

Kebo_Mbagala
Mafundi wanafundishika, dada. Nina jengo Mbezi, mwaka wa tano, tunapiga picha za joto kila Desemba na hatujaona kiungio kilichopata moto.

Kontrakta_Mzee
Vijana, angalieni mkataba. Kama ni FIDIC ya kitabu chekundu cha 1999, kifungu cha 13.2 kinampa mkandarasi nusu ya akiba, baada ya kuondoa thamani ambayo mteja atapoteza. Lakini ukibadilisha usanifu wa sehemu fulani, sehemu hiyo inakuwa yako. Hesabu ya 150 ikikosea, wapangaji wakitokwa jasho wewe ndiye utakayeitwa.

Mhandisi_Tabata
Asante mzee, nimeusoma, ni huo huo. Kwa bei za wauzaji tulizopata, chila, mabomba, pampu, transfoma na genereta vinatupa kama milioni 390. VRF nikiweka na mashine ya hewa safi, akiba yake inashuka hadi milioni 60, nimeiondoa. Alumini ingeniletea 80 nyingine, na hata hapo sijafika 500. Nitaiweka kama chaguo la hiari lenye bei yake, mteja aamue mwenyewe. Kebo_Mbagala, zile picha za joto za Mbezi unaweza kunitumia?