Naomba ushauri: kionjo cha sekunde 20 kabla ya kuzindua sigiri

MamaSigiri_Mbale
Wanajukwaa, hamjambo. Hapa Mbale tumetengeneza sigiri yenye feni ndogo chini, inatumia betri ya sola. Maharagwe yanaiva kwa mkaa mchache zaidi. Tunazindua baada ya wiki mbili. Nataka video fupi ya statasi ya WhatsApp na TikTok. Skripti yangu: nembo, sigiri inazunguka mezani, feni kwa karibu, halafu "Inakuja hivi karibuni". Mume wangu anasema nimeshamaliza siri yote. Nifiche nini?

KakaPromo
Ficha vyote dada. Skrini nyeusi, ngoma nzito, tarehe. Watauliza wenyewe.

SabuniJinja
Mimi nilifanya hivyo na sabuni yangu ya maji, nikaandika "Siku inakaribia". Walionipigia simu waliuliza mhubiri ni nani.

Mhariri_Ntinda
Dada, mumeo amesema kweli, lakini usifiche vyote. Onyesha shida na matokeo, ficha cha katikati. Kwako cha katikati ni feni. Mafundi wa Katwe wakiiona kwa karibu leo, wataichomelea kabla hujazindua.

Anza na mkono unaokung'uta gunia la mkaa, linatoka vumbi tu. Sekunde tatu. Nembo iache mwisho, maana mtu hupitisha kidole kabla hajajua unasema nini. Kisha mama anafunua sufuria, anabonyeza haragwe, bado gumu, na nje giza linaingia. Sekunde sita. Halafu sufuria ileile inatokota. Chini unaonekana mwanga mwekundu tu, kamera isishuke. Sekunde sita tena. Mwisho anafungua kiganja chenye mkaa uliobaki, na maandishi yanauliza: "Umebaki?" Tarehe na mahali, basi. Swali liandikwe, kwa sababu wengi hutazama bila sauti. Na mkaa huo uwe uliobaki kweli, wateja wataupima siku ya uzinduzi.

Waonyeshe watu watatu wasio wa nyumbani, uwaulize unauza nini. Wakisema "kitu cha kupikia, ila sijui kinafanyaje", imekaa sawa. Wakitaja feni, umefichua. Wakisema "mkaa", umeficha mno.

Arua_Boda
Bei gani? Na betri ikiisha usiku?

MamaSigiri_Mbale
Kaka, bila feni inawaka kama sigiri ya kawaida. Bei siku ya uzinduzi.

KakaPromo
Sawa, nimeelewa kuhusu katikati. Ila itoke leo, wiki mbili zinatosha kusambaa.

Mhariri_Ntinda
Mimi ningengoja zibaki siku tano. Hamu ya wiki mbili hupoa, na Katwe hailali. Umbo umelisajili URSB?

MamaSigiri_Mbale
Bado, naenda Jumatatu. Jana nilirekodi kwa simu nikawaonyesha majirani watatu. Wawili wamesema nauza mkaa.

Mhariri_Ntinda
Basi sufuria inapotokota, acha mguu mmoja wa sigiri uonekane kwa sekunde moja. Upande usio na feni. Kisha uwaulize majirani wengine, hao wa jana wameshajua.