Mrejesho: darasa la kubadili mandhari ya picha, Wete

Niliuliza: "Nafundisha vijana 12 kubadili mandhari kwa GIMP. Wanamkata mtu vizuri, lakini picha inaonekana ya kubandika. Nipange vipi masomo?"

Asalamu alaykum ndugu zangu, ahsanteni sana. Mlioniambia nianze na mwanga kabla ya mkasi mlisema kweli.

Kijana mmoja alipigwa picha saa sita mchana, kivuli kimejaa chini ya macho na kidevu, kisha akawekwa kwenye picha ya Forodhani jua likizama nyuma yake. Jua likiwa nyuma, uso hufifia na mwanga hushika kingo za nywele na mabega. Uso wake ulikuwa ukimetameta. Hakuna rangi ya kurekebisha hilo, ilibidi apigwe picha upya.

Sasa somo la kwanza hatugusi kompyuta. Tunatoka saa kumi na moja jioni, kila mmoja anatazama kivuli chake na kutaja jua liko upande gani. Yule kijana tulimpiga picha tena, jua likiwa mgongoni.

Somo la pili ni kukata. Nimewakataza kufuta, wanatumia `Add Layer Mask`, wanapaka nyeusi kuficha na nyeupe kurudisha, hivyo kosa halipotezi picha. Ukingo mweupe kwenye kofia tuliuondoa kwa `Select > Shrink`, pikseli 1, kabla ya kutengeneza maski.

La tatu ni rangi, kwa `Color Temperature`. Nywele za mabinti zilizotimka kwa upepo bado zinatushinda, kwa hiyo kwa sasa tunawapiga picha mbele ya ukuta mtupu.