Tupeane uzoefu: rafiki kalazwa, hajasema anaumwa nini. Unamwandikia nini?

Mwanakwaya wa Ibanda
Jamani, rafiki tunayeimba naye kwaya hapa Bukavu aliniandikia mstari mmoja tu: "Niko hospitali, sitakuja mazoezi." Ugonjwa hakuutaja, na mimi sitaki kuuchimba, angetaka nijue angesema. Lakini nikinyamaza ataona nimemtupa. Nimeandika hivi, sijatuma:

"Pole sana dada. Natumaini si kitu kikubwa. Docta amesema utatoka lini? Usiogope, utapona tu. Ukihitaji chochote uniambie."

Waliowahi kuandika au kuandikiwa, mnasemaje?

Muuguzi Kadutu
Pole yako ina moyo, dada, ila acha tuipitie. "Natumaini si kitu kikubwa": je, kama ni kikubwa? Itabidi akudanganye au akuvunje moyo, na yeye ndiye mgonjwa. "Utatoka lini" ni kuuliza ugonjwa kwa mlango wa nyuma, maana hawezi kujibu bila kueleza ana nini. "Utapona tu" hulijui. Hata docta halisemi kabla ya kuona majibu ya vipimo.

Hilo la "chochote" ndilo naliona kila siku wodini. Mgonjwa analisoma, anafikiri na wewe una watoto na makala ya kununua, ananyamaza. Taja kitu kimoja unachokiweza kweli, na siku yake, ili ajibu ndiyo au hapana. Kama ni chakula, muulize kwanza anayemlinda pale kitandani, kwa sababu wengine wamekatazwa kula.

Tena kumbuka simu ya mgonjwa inashikwa na wengi. Maneno ya kwanza ya mesaji yanatokea kwenye kioo hata kabla haijafunguliwa. Usianze na jina la ugonjwa unaoukisia.

Mimi ningeandika: "Pole dada. Nimesoma mesaji yako na ninakuwaza. Usijisumbue kujibu maneno mengi. Jumamosi naweza kuleta sombe, nimwachie dada yako pale mlangoni nisikuchoshe. Ndiyo au hapana inatosha. Kwaya tumeanza wimbo mpya, sauti ya pili inayumba bila wewe."

Fundi wa Nguba
Mimi dawa yangu ni kutouliza kitu kabisa. Kila asubuhi namtumia "Tuko pamoja" na picha ya maua. Hakuna wa kukasirika hapo.

Niliyelala muda mrefu
Kaka Fundi, mimi nilikuwa huyo wa kitandani. Kutouliza ugonjwa ni vizuri, nakushukuru kwa niaba ya wengine. Ila maua yaleyale kila asubuhi niliacha kuyafungua, sikuona kama yaliandikiwa mimi. Rafiki mmoja alikuwa ananiletea habari za Nyawera: sambaza wamepanda bei, fulani amegombana na muuza nyanya. Nilikuwa nacheka peke yangu. Na aliuliza, tena mara nyingi: "Usiku ulikuwaje?" Swali hilo nililipenda. Siku nyingine nilijibu "mrefu", akaishia hapo. Siku nyingine nilimwambia yote.

Aliyeniumiza ni yule aliyeandika kwamba shangazi yake alikuwa na dalili kama zangu. Sikumwambia dalili zangu, na shangazi huyo alishazikwa.

Shemasi
Hapo kwa "utapona" sikubaliani na Muuguzi. Sisi waamini tunalisema kwa imani, si kwa vipimo.

Muuguzi Kadutu
Shikamoo Shemasi. "Ninamwomba Mungu akuponye" ni ombi lako, hakuna anayelikataa. "Mungu atakuponya mwezi huu" ni deni unalomwandikia mgonjwa. Mwezi ukiisha bado anaumwa, anaanza kujiuliza imani yake ilipungua wapi. Nimeona walioacha dawa kwa ajili ya neno hilo.

Shemasi
Marahaba binti yangu. Na mimi nimemwona mama aliyeanza kumeza dawa kwa sababu ya neno hilohilo. Bado nalifikiria.

Muuza nguo Goma
Samahani, kwani mwajiri analazimika kuandikiwa ugonjwa kwenye barua ya ruhusa? Bosi wangu anang'ang'ania.

Fundi wa Nguba
Hiyo ya kazi ifungulie mada yake, ndugu, watu watakujibu.

Mwanakwaya wa Ibanda
Nimeongea na dada yake, nimetuma. Amejibu: "Ndiyo. Bila pilipili." Halafu usiku huu ameandika: "Naogopa nisitoke humu." Nikiandika "usiseme hivyo" naona nitamfunga mdomo.

Muuguzi Kadutu
Utamfunga kweli. Mwandikie: "Nimekusoma. Ukitaka kusema zaidi niko macho. Ukitaka habari za kwaya, nitakupa hizo." Achague mwenyewe.

Niliyelala muda mrefu
Na kama utalala saa nne, usimwandikie kwamba uko macho usiku kucha. Mwambie uko naye mpaka saa nne, na asubuhi utamwandikia tena. Mimi nilikuwa naangalia saa.