Naomba ushauri: hoja nzito inazama kwenye ripoti ya ukaguzi wa ndani

Habari zenu wakuu. Mimi ni mkaguzi wa ndani kwenye kampuni ya usambazaji. Ripoti yangu iliyopita ilikuwa na kurasa 34 na hoja 14, na 9 kati ya hizo nilizipa daraja la "juu". Mkurugenzi alisoma ukurasa wa kwanza tu, ambao niliujaza malengo na mawanda ya ukaguzi. Hoja iliyoniumiza ilikuwa ukurasa wa 19: mhasibu mmoja anasajili msambazaji, anabadili akaunti yake ya benki, kisha anaidhinisha malipo. Niliipa kichwa "Udhaifu katika malipo". Miezi mitatu imepita, hakuna kilichobadilika.

Sasa nataka muhtasari uanze na hoja tatu tu, na kichwa kiseme jambo lenyewe: "Mtu mmoja anaweza kujilipa bila kugundulika". Chini yake liwepo jina la cheo kinachowajibika na tarehe.

Ninapokwama ni kwenye madaraja. Hasara haijatokea bado, na meneja wa fedha anasisitiza iwe "wastani". Mnakubaliana vigezo na menejimenti kabla ya ukaguzi kuanza? Na mnavipimaje pale ambapo hakuna kiasi kilichopotea?