Wakuu, chuma kinaweza kuvunjika kwa baridi peke yake? Naombeni ushauri

Mhunzi_Ughaibuni
Wakuu habari zenu. Niko kaskazini mwa Finland mwaka wa 6 sasa, nafanya kazi karakana ya mihimili ya chuma, mimi ndo naagiza chuma na kukikagua. Kuna mihimili ya kubebea mabomba, itakaa nje, pleti ya chini ina unene wa milimita 30, na huku Januari baridi inafika minasi 30. Swali langu dogo tu: chuma cha S355 kinaweza kuvunjika kwa baridi au ni maneno ya vitabuni? Nguvu yake ni ile ile iliyoandikwa kwenye mchoro. Silali vizuri wakuu.

Fundi_Gongolamboto
Mkuu lala usingizi. Chuma kikipoa kinaongezeka nguvu, nimechomelea miaka 20 najua ninachosema. Joto ndo adui wa chuma, sio baridi.

Mama_Makete
Jamani na mimi nisaidieni hapo hapo, banda langu la kuku Makete fremu yake ni ya bomba la skwea, Julai asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Mwaka jana bawaba ya mlango ilikatika. Ndo baridi hiyo?

Injinia_Mstaafu
Mhunzi, S355 ni nusu ya jina. Baada ya namba kuna herufi. Cheti cha chuma kinasemaje, JR, J0 au J2?

Mhunzi_Ughaibuni
JR mkuu. Mchoro ulitaka J2. Lakini nguvu ni sawa kabisa, kemikali zinakaribiana, na msambazaji alisema wateja wengi wanachukua JR.

Injinia_Mstaafu
Hapo sasa ndo tunaongea. Nguvu ni sawa kweli, herufi zinatofautisha kitu kingine. Kipande cha milimita 10 kwa 10, urefu 55, kinachongwa mkato wa V wenye kina cha milimita 2 katikati, kinalazwa, halafu nyundo nzito inayoning'inia inaachiwa ikipige kwa nyuma ya mkato. Unaangalia nyundo imepanda kiasi gani upande wa pili, kilichopungua ndo nishati iliyoliwa na kipande. JR inaahidi jouli 27 kwenye digrii 20 za joto. J0 inaahidi 27 kwenye sifuri. J2 inaahidi 27 kwenye minasi 20. Kwa hiyo JR haijakuahidi chochote kuhusu baridi, inaweza kuwa nzuri au mbaya, hujui mpaka upime.

Fundi, umesema kweli nusu. Chuma kikipoa kinakuwa kigumu zaidi kunyumbuka, na hapo ndo hatari ilipo. Kwenye ncha ya ufa, chuma chenye joto kinanyumbuka kidogo na ufa unachoka. Kikiwa cha baridi kinakataa kunyumbuka, mkazo unapanda pale nchani mpaka chuma kinapasuka kabla hakijanyumbuka, na ufa ukianza unakimbia wenyewe.

Mama Makete, bomba lako halifiki hata milimita 3. Chuma chembamba kina nafasi ya kunyumbuka pembeni, na baridi ya huko inazunguka sifuri tu. Bawaba yako angalia weldingi au kutu.

Fundi_Gongolamboto
Sawa mzee lakini umewahi kuona kitu kizima kikikatika hivyo bila mzigo?

Injinia_Mstaafu
Meli ya mafuta Schenectady, Portland, Oregon, tarehe 16 Januari 1943. Ilikuwa mpya, imetoka majaribio ya baharini, imefungwa gatini, maji yametulia. Usiku ikapasuka karibu nzima kuanzia sitaha kwenda chini, ikakunjika katikati. Hewa ilikuwa kama minasi 3 tu. Mkazo kwenye sitaha ulikuwa mdogo kuliko iliyosanifiwa kubeba. Watu wakalaumu weldingi, na kweli ufa ulianzia kwenye kasoro ya weldingi, na meli ya kuchomelewa haina maungio ya ribiti ya kuuzuia. Lakini Constance Tipper wa Cambridge ndo alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kinageuka tabia kwenye baridi.

Turudi kwako Mhunzi. Umepima?

Mhunzi_Ughaibuni
...Nimepima. Nilipeleka kipande maabara kimya kimya kwa hela yangu. Kwenye minasi 20 nilipata 34, 21 na 9. Hiyo 9 nadhani kipande kilichongwa vibaya. Ukiitoa, wastani ni 27.5, yaani inapita. Nilikuwa nafikiria kuweka hizo mbili kwenye faili. Chuma niliagiza mimi wakuu, niliandika JR kwa makosa, na mihimili imeshachomelewa, gari linapakia Jumatatu.

Mzee_wa_Hoja
Hii ni chai. Kwanza swali dogo, mara JR, mara ana majibu ya maabara mfukoni, tena wastani unaangukia 27.5 kwenye kipimo cha 27! Nani analipia maabara kwa siri? Huyu ni mwanafunzi, ana asaimenti, anatufanyisha kazi yake.

Binti_Sayari
Hata mimi nimeshtuka. Na kama ni kweli basi ni dhambi, watu watapita chini ya hiyo mihimili.

Mhunzi_Ughaibuni
Sitafuti maksi jamani. Vipande viko mezani hapa. Kile cha 9 kimekatika safi, uso unang'aa kama chumvi ya mawe, pembeni hakijavimba hata kidogo. Cha 34 kina ukingo wa kijivu kama kitambaa kilichochanwa, katikati kinang'aa. Kimoja tulikipiga kwenye joto la chumbani kikala 78, kimejikunja na hakijaachana kabisa.

Injinia_Mstaafu
Mimi namwamini. Huo mng'ao ni chembe za chuma zilizopasuka katikati, hauelezi hivyo kama hujavishika.

Sasa sikiliza kijana. Vipande vilikaa dakika ngapi kwenye bafu ya baridi, na vilipigwa ndani ya sekunde 5 baada ya kutolewa? Kama walifuata hivyo, hiyo 9 sio kosa. Pleti ile ile kutoa 34 na 9 kwenye joto moja maana yake uko katikati kabisa ya mgeuko, pale chuma kinaposhindwa kuamua kinyumbuke au kipasuke. Ukishuka minasi 30 zile za 9 ndo zitakuwa za kawaida. Sheria inataka wastani wa vitatu ufike 27, na kimoja tu ndo kinaweza kuwa chini, tena sio chini ya asilimia 70, yaani kama 19. Wastani wako ni 21. Unaweza kupima vingine vitatu lakini vyote sita vinahesabiwa, hutupi hata kimoja.

Na bado hujapima pembeni ya weldingi, huko mara nyingi ni kubaya zaidi.

Mhunzi_Ughaibuni
Hakuna njia ya kuikubali kama ilivyo?

Injinia_Mstaafu
Jedwali la Yurokodi, zile kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo, kwa S355JR kwenye minasi 30, mkazo ukiwa robo tatu ya nguvu yake, linaruhusu milimita 15. J2 inaruhusiwa 40. Wewe una 30. Mkazo halisi ukiwa mdogo unene unaoruhusiwa unapanda, labda unaokoka, lakini hesabu hiyo ni ya msanifu. Mimi sina mchoro, siwezi kukuambia.

Fundi_Gongolamboto
Mzee nimekuelewa. Mimi nilidhani ugumu ndo usalama.

Mhunzi_Ughaibuni
Nimempigia bosi sasa hivi, amekaa kimya muda mrefu halafu akasema gari lisimame, Jumatatu anampigia msanifu. Kuna kitu sikusema wakuu. Mihimili miwili iliondoka Alhamisi, iko saiti imeshafungwa.

Injinia_Mstaafu
Ina mabomba juu?

Mhunzi_Ughaibuni
Bado. Ni mitupu.

Injinia_Mstaafu
Piga saiti leo, usisubiri Jumatatu. Wasiweke bomba hata moja.